Sumu ya Nyoka na Damu Isiyoganda: Kipimo cha Dakika 20 na Kazi ya Dawa ya Kuzuia Sumu

BUHONGWA, MWANZA

Kata ya Buhongwa, iliyopo Wilaya ya Nyamagana katika Jiji la Mwanza, kando ya barabara kuu iendayo Shinyanga, ni mahali ambapo mji unakutana na mashamba. Nyumba zimejengwa baina ya miamba mikubwa ya mawe, na kati ya nyumba na nyumba kuna bustani, vichaka na miti ya matunda. Mazingira ya namna hiyo humpa nyoka panya, ndege na vinyonga wa kula, pamoja na nyufa na matawi ya kujificha. Mtu anapoumwa, watu wa nyumbani hutazama jeraha, na jeraha likionekana dogo hutulia.

Utulivu huo unaweza kugharimu maisha. Wapo nyoka ambao sumu yao haivimbishi sana wala haiumizi sana, lakini huiondolea damu uwezo wake wa kuganda, na dalili zake huweza kuchelewa kwa saa nyingi. Makala haya yanaeleza jinsi sumu hiyo inavyofanya kazi, kwa nini baadhi ya majeruhi hutokwa na damu isiyozuilika, jinsi mhudumu wa afya anavyoweza kuligundua tatizo kwa tyubu moja ya kioo, na dawa ya kuzuia sumu inasaidia nini na haisaidii nini.

Wagonjwa wawili, mchana mmoja

Ili jambo lieleweke, tuchukue mfano wa kufikirika wa wagonjwa wawili wanaofikishwa katika kituo cha afya mchana mmoja.

Wa kwanza ni mama aliyekuwa akifyeka majani karibu na mawe. Ameumwa mguuni na kifutu, nyoka mnene mwenye mabaka, ambaye wengine humwita moma. Ndani ya saa moja mguu umevimba hadi juu ya kifundo, maumivu ni makali, na malengelenge yenye majimaji yaliyochanganyika na damu yameanza kujitokeza. Kila anayemwona anajua kwamba hali si ya kawaida.

Wa pili ni kijana aliyepanda mwembe kuchuma maembe saa tisa alasiri. Aliposhika tawi, nyoka mwembamba mwenye macho makubwa alimng'ata kidole na kung'ang'ania kwa muda mfupi kabla ya kuachia. Kidole kina alama ndogo kama ya mwiba. Hakijavimba kwa kiasi cha kutisha, na kijana anasema anajisikia vizuri, angependa kurudi nyumbani.

Nyoka wa aina hiyo huitwa na wataalamu bumslangi, jina linalotokana na lugha ya Kiafrikaans na maana yake ni nyoka wa mtini. Anapatikana katika sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Jangwa la Sahara, Tanzania ikiwemo. Rangi yake hubadilika kati ya nyoka na nyoka: wapo wa kijani, wa kahawia na weusi. Meno yake ya sumu yapo nyuma kidogo ya kinywa, si mbele kama ya kifutu, na hupenda kukimbia kuliko kushambulia. Watu wengi wanaoumwa naye ni wale waliomshika, au waliomgusa bila kumwona.

Kati ya wagonjwa hao wawili, anayeonekana mzima ndiye anayeweza kufa kwa kutokwa na damu. Sababu ya hali hiyo inapatikana katika namna damu inavyoganda.

Damu inavyoganda

Mtu anapojikata kwa kisu, mwili huziba jeraha kwa hatua mbili zinazosaidiana. Kwanza, chembe ndogo za damu ziitwazo chembe sahani hukimbilia penye tundu na kushikamana kama kizibo cha muda. Pili, protini iliyoyeyuka katika maji ya damu, iitwayo fibrinojeni, hugeuzwa kuwa nyuzi za fibrini. Nyuzi hizo husukwa juu ya kizibo kama wavu, na damu iliyonaswa humo huwa donge gumu.

Anayegeuza fibrinojeni kuwa nyuzi ni kimeng'enya kiitwacho trombini. Mwili hauachi trombini izunguke hovyo ndani ya mishipa, kwa kuwa damu ingeganda mahali pasipotakiwa. Huihifadhi katika umbo lililolala, liitwalo protrombini, na kuiamsha tu pale mshipa unapojeruhiwa, kwa mlolongo wa hatua ambazo kila moja huamsha inayofuata.

Jambo la kukumbuka hapa ni kwamba akiba ya fibrinojeni si kubwa. Kwa mtu mzima mwenye afya, kila lita ya maji ya damu huwa na takriban gramu 2 hadi 4 za protini hiyo. Mtu mzima ana takriban lita 3 za maji ya damu. Kwa hiyo akiba yote inayozunguka mwilini ni kati ya gramu 6 na 12, uzito unaolingana na vijiko vichache vya chai vya sukari. Ini hutengeneza fibrinojeni mpya kila siku, lakini hufanya hivyo taratibu.

Sumu inayogandisha ndiyo inayosababisha damu kutoganda

Watu wengi hudhani kwamba sumu inayosababisha mtu atokwe na damu ni ile inayoifanya damu kuwa nyepesi. Kwa bumslangi, na kwa nyoka wengine kadhaa wa jamii ya vipiri, ukweli ni kinyume chake: sumu huanza kwa kuigandisha damu.

Sumu ya bumslangi ina vimeng'enya vinavyoamsha protrombini moja kwa moja, bila kusubiri mshipa ujeruhiwe na bila kufuata mlolongo wa kawaida wa mwili. Trombini inazaliwa ndani ya damu inayotembea, katika mwili wote kwa wakati mmoja, nayo huanza kugeuza fibrinojeni kuwa nyuzi. Kimeng'enya kimoja hakitumiki mara moja na kwisha. Huamsha protrombini moja, kisha nyingine, kisha nyingine. Ndiyo maana miligramu chache tu za sumu zinatosha kumaliza akiba ya mtu mzima.

Huenda msomaji akajiuliza kwa nini basi majeruhi hafi kwa madonge ya damu. Jibu ni kwamba nyuzi zinazotengenezwa kwa namna hiyo ni dhaifu na zimetawanyika, na mwili una mfumo mwingine unaoyeyusha nyuzi za aina hiyo. Mfumo huo huzikata haraka, na vipande vinavyobaki huzidi kuvuruga ugandaji. Matokeo yake ni kwamba fibrinojeni inatumika, inayeyushwa na kupotea, bila kuziba tundu lolote.

Hali hiyo inafanana na ghala la saruji lililofunguliwa usiku na mtu asiye fundi, akaimwaga saruji yote barabarani. Asubuhi ukuta unapopasuka, fundi anafika na mwiko wake, lakini mifuko ni mitupu. Vivyo hivyo, mgonjwa anapopata mkwaruzo, chembe sahani zinaweza kufika, lakini hakuna nyuzi za kuzishikilia.

Ukuta wa mshipa

Damu isiyoganda haimwagiki yenyewe iwapo mishipa ni mizima. Mtu anaweza kukaa saa kadhaa na damu isiyoganda pasipo dalili yoyote. Ili kutokwa na damu kuanze, lazima pawe na mahali pa kutokea.

Mahali hapo huletwa na sehemu ya pili ya sumu. Sumu za vipiri na za bumslangi zina vimeng'enya vinavyokula utando wa protini unaozishikilia kuta za mishipa midogo kabisa. Utando ukilegea, msukumo wa damu wenyewe hupasua ukuta, na damu huvuja. Mara nyingi huanza kwenye fizi, kwa sababu mishipa ya hapo ipo karibu na juu na hukwaruzwa wakati wa kula. Kisha huonekana katika mkojo, katika haja kubwa, puani, chini ya ngozi kama michubuko isiyo na sababu, na mahali sindano ilipochomwa. Hatari kubwa zaidi ni damu kuvuja ndani ya ubongo.

Kifutu anatofautiana na bumslangi katika jambo hili. Sumu yake huharibu zaidi kuta za mishipa na nyama iliyo karibu na jeraha, na huvuruga chembe sahani, lakini si kawaida kumaliza fibrinojeni kama anavyofanya bumslangi. Ndiyo maana mama wa mfano wetu ana uvimbe mkubwa na malengelenge ya damu, ilhali damu yake inaweza kuganda vizuri ndani ya tyubu. Yeye pia yumo hatarini, kwa kuwa kiasi kikubwa cha maji ya damu kinaweza kuhamia kwenye mguu uliovimba na kumwacha na shinikizo la chini la damu, na nyama ya mguu inaweza kufa.

Kipimo cha dakika 20

Namna ya kuwatofautisha wagonjwa hao haihitaji mashine. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo ambacho kinaweza kufanyika hata katika zahanati isiyo na umeme.

Mhudumu huchukua mililita 2 za damu kutoka kwenye mshipa wa mkono na kuziweka katika tyubu mpya ya kioo, safi na kavu, isiyo na kemikali yoyote. Tyubu husimamishwa mahali pasipotikiswa, katika joto la kawaida la chumba, kwa dakika 20. Muda ukitimia, huinamishwa mara moja tu. Damu ikiwa imeshikamana kuwa donge, fibrinojeni bado ipo kwa kiasi cha kutosha kugandisha. Damu ikitiririka kama maji, akiba imepungua mno au imekwisha, na mgonjwa huyo anahitaji dawa ya kuzuia sumu hata kama anacheka na kuzungumza.

Urahisi wa kipimo hiki una masharti yake, na makosa hutokea zaidi kwenye chombo. Damu huchochewa kuganda inapogusana na uso wa kioo. Ikiwekwa katika tyubu ya plastiki, au katika chupa ya kioo iliyooshwa kwa sabuni, inaweza kubaki majimaji hata kama mgonjwa hana tatizo. Mhudumu akiwa na shaka, huchukua damu ya mtu mzima wa afya, kwa mfano ndugu aliyemsindikiza mgonjwa na aliyekubali, na kuiweka katika tyubu ya aina ileile. Damu ya ndugu ikiganda na ya mgonjwa isigande, tatizo si tyubu.

Kosa la pili ni kupima mara moja na kumruhusu mgonjwa. Kipimo huonyesha akiba iliyobaki kwa wakati ule. Hakionyeshi kitakachotokea baada ya saa sita. Aidha, upungufu wa wastani unaweza kupita bila kugunduliwa. Kwa hiyo kipimo hurudiwa mara kadhaa, na mgonjwa hubaki chini ya uangalizi kwa angalau saa 24.

Turejee kwa kijana wa mwembe. Anafika kituoni saa kumi alasiri, na tyubu ya kwanza inaganda. Akiruhusiwa hapo, atalala nyumbani. Akibakizwa na kupimwa tena saa nne usiku, damu haigandi. Muuguzi anaona pia kwamba pale sindano ya kwanza ilipochomwa pamba imelowa upya, na fizi zina damu. Huo ndio wakati wa kumhamishia hospitali kubwa. Kwa wakazi wa Mwanza, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando ziko ndani ya jiji.

Kisa cha mwaka 1957

Kwamba nyoka huyu hudanganya kwa kuchelewa, kulithibitishwa na kifo cha mtu aliyewajua nyoka kuliko wengi. Tarehe 25 Septemba, 1957, mtaalamu wa nyoka Karl Patterson Schmidt wa Makumbusho ya Field, Chicago, Marekani, aliletewa nyoka mchanga kutoka Afrika ili amtambue. Alipomshika, nyoka huyo, aliyekuwa bumslangi, alimng'ata kidole gumba cha mkono wa kushoto. Jino moja tu lilizama sawasawa.

Schmidt hakwenda hospitali. Alirudi nyumbani kwa treni na kuandika dalili zake moja baada ya nyingine. Aliandika kuhusu kichefuchefu, kutetemeka kwa baridi na homa, kisha damu kwenye fizi. Usiku mkojo wake ulikuwa na damu. Asubuhi ya tarehe 26 alijisikia nafuu, akapata kifungua kinywa na kuipigia simu ofisi yake kwamba hali yake ni njema. Alasiri ya siku hiyo alifariki dunia, takriban saa 24 baada ya kuumwa. Uchunguzi wa mwili ulikuta damu imevuja katika viungo vingi, ukiwemo ubongo.

Kisa hicho kinafundisha jambo moja mahususi. Nafuu ya asubuhi haikuwa dalili ya kupona. Damu yake ilikuwa imeshapoteza uwezo wa kuganda, na kilichokuwa kinasubiriwa ni mshipa mmoja kupasuka mahali pabaya.

Dawa inavyofanya kazi

Dawa ya kuzuia sumu, ambayo hospitalini huitwa antivenomu, hutengenezwa kwa msaada wa wanyama, hasa farasi. Farasi hudungwa kiasi kidogo sana cha sumu, kisha kiasi hicho huongezwa polepole kwa wiki nyingi. Mwili wake hutengeneza kingamwili, yaani protini zinazoitambua sumu hiyo na kuishika. Damu hutolewa kwa farasi, kingamwili hutenganishwa na kusafishwa, na hatimaye hutiwa katika vichupa.

Dawa inapopitishwa kwenye mshipa wa mgonjwa, kingamwili huvamia vimeng'enya vya sumu na kuvifunika, visiweze tena kuamsha protrombini wala kula kuta za mishipa. Kuvuja kwa damu kwa kawaida hupungua mapema, kwa sababu mishipa haiendelei kuharibiwa.

Hata hivyo, dawa haina fibrinojeni ndani yake. Inachofanya ni kumkamata aliyekuwa akimwaga saruji. Kujaza ghala upya ni kazi ya ini. Ini lenye afya huhitaji kwa kawaida saa 3 hadi 9 kurudisha kiasi kinachotosha damu kuganda. Ndiyo maana kanuni ya matibabu ni kurudia kipimo cha tyubu saa 6 baada ya dawa. Damu ikiganda, sumu imezuiwa. Ikiwa bado ni majimaji, ni dalili kwamba sumu bado ipo kazini, na dozi nyingine hutolewa.

Endapo dawa inayomfaa kijana wetu imepatikana na akaanza kupewa saa saba usiku, tyubu hupimwa tena saa moja asubuhi. Tuseme bado haigandi. Anapewa dozi ya pili, na saa saba mchana damu inaganda. Hata hapo haruhusiwi mara moja, kwa kuwa sumu iliyobaki kidoleni inaweza kuendelea kuingia mwilini na kuirudisha hali ya awali. Kipimo huendelea kurudiwa kwa siku kadhaa.

Mambo mawili huwashangaza ndugu wa wagonjwa. La kwanza ni dozi ya mtoto: haipunguzwi kwa uzito wake. Nyoka hampimii mtoto sumu kidogo, na dawa hulinganishwa na sumu, si na mwili. La pili ni kuchelewa. Aliyefika baada ya siku mbili au tatu, damu yake ikiwa bado haigandi, bado hufaidika na dawa, kwa sababu damu hiyo ni ushahidi kwamba sumu haijaisha.

Mipaka ya dawa

Antivenomu hufaa dhidi ya nyoka ambao sumu zao zilitumika kuitengeneza. Ile ya Afrika Kusini inayozuia sumu za nyoka wengi hutengenezwa kwa sumu za kifutu, za swila na jamii yake, na za koboko na jamii yake, lakini bumslangi hayumo. Kwa nyoka huyo ipo dawa yake ya peke yake, ambayo pia imekuwa ikitengenezwa Afrika Kusini, na upatikanaji wake ni mgumu zaidi. Kumpa mgonjwa wa bumslangi dawa isiyo yake ni kumweka katika hatari ya mzio bila faida. Hii ndiyo sababu madaktari huuliza kwa makini nyoka alionekanaje na alikuwa wapi, mtini au ardhini.

Pale dawa mahususi inapokosekana, hospitali humlaza mgonjwa asitikisike wala kuanguka, na humwongezea damu au maji ya damu yenye fibrinojeni. Njia hiyo imewasaidia baadhi ya wagonjwa hadi sumu ikaisha yenyewe baada ya siku kadhaa. Udhaifu wake unaeleweka kutokana na yaliyosemwa: sumu ambayo haijazuiwa huitumia pia fibrinojeni iliyoongezwa.

Dawa yenyewe ina madhara. Kwa kuwa ni protini ya mnyama, inaweza kuamsha mzio mkali: vipele, kubanwa pumzi, kushuka kwa shinikizo la damu. Kwa sababu hiyo hutolewa na wahudumu wenye mafunzo, adrenalini ikiwa tayari kando ya kitanda, na haipaswi kununuliwa na kuchomwa nyumbani. Wala haitolewi kwa kila aliyeumwa. Hutolewa kwa mwenye dalili kwamba sumu imeenea: damu isiyoganda, kutokwa na damu mbali na jeraha, shinikizo la chini la damu, au uvimbe unaopanda haraka kama ule wa mama wa kifutu. Mama huyo atapewa dawa ingawa tyubu yake imeganda. Itazuia uvimbe usiendelee, lakini nyama iliyokwisha kufa haitaifufua, na kwa sababu hiyo saa za mwanzo ni muhimu kwake.

Kabla ya kufika kituoni

Mtu ambaye damu yake inaelekea kutoganda hudhurika zaidi kwa baadhi ya huduma za nyumbani. Kumchanja kwa wembe ili sumu itoke ni kumfungulia tundu ambalo huenda lisizibike. Kumfunga kamba kwa nguvu huikata damu isifike kwenye kiungo na huongeza uharibifu wa nyama, hasa kwa aliyeumwa na kifutu. Jiwe jeusi linalobandikwa jerahani haliondoi sumu iliyokwisha kuingia, na hupoteza muda. Aspirini na dawa za maumivu za jamii yake huzuia chembe sahani kufanya kazi. Parasetamoli ni salama zaidi. Sindano za kwenye msuli nazo ziepukwe, kwa kuwa damu inaweza kuvuja ndani ya msuli.

Wananchi wanashauriwa kumtuliza aliyeumwa, kumvua pete, bangili na viatu kabla uvimbe haujaanza, kukitegemeza kiungo kilichoumwa kwa ubao au kitambaa kisitikisike, na kumfikisha katika kituo cha huduma za afya kwa chombo cha usafiri badala ya kumtembeza. Saa ya kuumwa iandikwe. Nyoka asifukuzwe wala kushikwa, hata akionekana amekufa. Maelezo ya umbo lake, au picha iliyopigwa kutoka mbali kwa usalama, yanatosha.

Aliyeumwa na nyoka asiyejulikana, hasa mtini, abaki kituoni kwa saa 24 hata kama kidole hakijavimba. Na ndugu anayemsindikiza ana haki ya kumuuliza mhudumu swali moja: je, damu yake imewekwa kwenye tyubu ya kioo, na baada ya dakika 20 imeganda?